Ndugu Meneja, Mimi Naishi Hewani

Ndugu Meneja wa Tawi,

Mimi ni mpangaji wa chumba na sebule Mbagala, mwaka wa nne sasa. Karani wako amenirudisha mara tatu, kwa adabu sana, kwa kukosa uthibitisho wa makazi. Naandika kukiri kosa: kumbe naishi hewani.

Mara ya kwanza nilileta risiti ya LUKU. Karani akaona jina si langu. Kweli si langu. Mita iko kwa jina la marehemu baba yake mwenye nyumba, aliyefariki kabla sijahamia. Umeme nanunua mimi, na kila mwezi nakatwa humo humo shilingi 1,500 za kodi ya jengo, jengo lisilo langu hata tofali moja. Kwa karatasi zenu marehemu ni mlipaji mzuri kuliko mimi niliye hai. Mfungulieni yeye akaunti.

Mara ya pili nilileta mkataba wa pango, ule wa kununua stesheneri, dalali akajaza nafasi kwa kalamu. Mpangaji: "Baba Salma". Kitambulisho changu cha NIDA kina majina matatu, na Baba Salma hayumo.

Basi karani akanielekeza, na hapa namshukuru, maana alieleza vizuri: mwenye nyumba aandike barua kwa jina la benki, si "kwa yeyote anayehusika", ataje majina yangu kama yalivyo NIDA, namba ya nyumba na mtaa, tarehe niliyohamia, kisha aweke simu yake, tarehe na sahihi. Niipeleke serikali ya mtaa ikagongwe muhuri. Mistari mitano tu.

Mzee aliposikia benki, masikio yake yalisikia TRA. Kodi ya miezi sita huwa anaipokea mkononi, risiti hana habari nayo. "Mwanangu, umeamua kuniuza?" Tukabembelezana hadi usiku. Mwisho akaandika kwa mkono wake kwamba mimi ni mpwa wake, ninaishi kwake bure.

Mjumbe alicheka, lakini akaniandikia kikaratasi. Ananifahamu, kila mwezi hunigongea akidai mchango wa ulinzi shirikishi. Mtendaji wa mtaa akagonga muhuri. Nikaja kwako nikitembea kifua mbele.

Karani akaweka barua ya mjomba kando ya mkataba wa dalali, akauliza kwa upole: mpwa anayekaa bure analipaje laki moja kwa mwezi?

Ndugu Meneja, sina jibu. Ila kodi yangu inaisha mwisho wa mwezi huu. Mtume mtu wako kesho yake alfajiri, asimame karibu na bomba la uani. Atamkuta mjomba ameshafika mlangoni kwangu, bila kuuliza njia.

Wako,
Mpwa wa Karatasi