Tumehamia Mbele Kidogo

Karatasi ilibandikwa kwenye geti la fremu kwa selotepu ya kahawia, pembe mbili zimeshaachia. Maandishi ya maka peni nyekundu, herufi kubwa tupu: NDUGU WATEJA WETU WAPENDWA, TUNAPENDA KUWATAARIFU KUWA TUMEHAMA. KWA SASA TUNAPATIKANA MBELE KIDOGO. BIDHAA NI ZILE ZILE, BEI NI ILE ILE. KARIBUNI NYOTE, MUNGU AWABARIKI.

Heshima ipo, upendo upo, baraka zipo. Duka ndilo halipo.

Mama watoto ni fundi wa nguo. Alikuwa amenituma mkanda wa cherehani, bobini mbili na sindano namba 16, na mezani kwake kulikuwa na sare za watu wa kamati ya harusi ambao hawana utani. Vitu hivyo tunavinunua kwa Mangi, kando ya barabara ya Shekilango, Sinza. Mangi ni jina tunalompa kila mwenye duka, awe wa Moshi au wa Mtwara. Mwenye nyumba alikuwa amemtaka alipe kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, naye akafungasha vifungo vyake akatafuta fremu nyingine. Hapo simlaumu. Ninachomlaumu ni hiyo karatasi.

Shekilango ina ncha mbili, moja Ubungo na nyingine Bamaga. Mbele ya aliyetokea Ubungo ni nyuma ya aliyetokea Bamaga. Mangi anakaa Kimara, kwa hiyo kila asubuhi anaingia Sinza kwa upande wa Ubungo, na kwake yeye dunia nzima inaelekea Bamaga. Mimi nilitokea Bamaga. Nikaendelea mbele, kidogo, kama nilivyoelekezwa. Nikapita duka la rangi, saluni, wauza magodoro, na kila hatua nilikuwa namkimbia Mangi.

Nikarudi pale getini kumuuliza fundi viatu anayekaa chini ya mwavuli.

“Kaka, Mangi kahamia wapi?”

“Si hapo tu, mzee,” akasema, akaninyooshea mdomo. Ukizubaa unaangalia viatu, mdomo umesharudi mahali pake na ramani imefungwa.

Nikapiga simu. Mangi alifurahi mno kusikia sauti yangu, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza niko wapi. Nikamwambia niko kwenye duka lako la zamani. “Ahaa, basi umeshafika! Njoo na barabara hiyo hiyo, utaona kibanda cha chipsi, kata hapo.” Ilikuwa saa 4 asubuhi. Kibanda cha chipsi cha Sinza ni kitu cha jioni. Asubuhi kilichopo ni doa jeusi la mafuta chini na kabati la vioo lililofunikwa turubai, tena si moja. “Hukioni? Basi angalia kibanda cha wakala wa fedha, chekundu.” Jamani. Mitandao ya simu imeshapaka rangi nusu ya Dar es Salaam. Kumwambia mtu atafute kibanda chekundu cha wakala ni sawa na kumwambia atafute mtu mwenye simu. “Basi kuna bodaboda wamepaki.” Bodaboda wakapata abiria, wakaondoka na alama yangu.

Sisi watu wa mji huu hatujashindwa kuelekezana. Mwambie konda akushushe Sinza kwa Remmy, atakushusha, na Remmy Ongala alishafariki mwaka 2010. Ubungo tunaendelea kusema Mataa, ingawa kuanzia mwaka 2021 magari yanapita juu ya madaraja ya Kijazi. Tabata Dampo hakuna dampo tena, na hakuna anayepotea. Majina hayo yanafanya kazi kwa sababu yamekaa midomoni mwa watu kwa miaka mingi, konda anayajua, na mtoto wa shule anayajua. Alama za Mangi zilikuwa na umri wa wiki moja, na alikuwa akizijua peke yake. Yeye alishafika, kila kitu anakiona kutoka ndani, akiwa ameegemea kaunta. Mteja anakitazama kutoka nje, juani, akiwa na simu yenye chaji ya wasiwasi.

Utasema, si angetuma ujumbe kwenye WhatsApp? Alituma. Alitengeneza ile orodha ya kutuma tangazo moja kwa watu wengi, kila mmoja akalipata kama lake. Orodha hiyo ina masharti yake: haizidi watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Sasa ni mteja gani anahifadhi namba ya muuza zipu? Tangazo likawafikia ndugu zake, mafundi wachache na dalali aliyemtafutia fremu. Hao wote walikuwepo siku ya kuhamisha mizigo. Akaweka na stetasi, ambayo baada ya saa 24 inafutika, na wateja wa Mangi ni watu wanaokumbuka zipu mara moja kwa mwezi.

Siku ile niliporudi nyumbani mikono mitupu, mama watoto, mwenye akili zake, akamwandikia: “Mangi, naomba lokesheni.” Mangi akatuma, jioni ile anafunga duka. Kumbe WhatsApp ina lokesheni za aina mbili. Moja inaganda pale uliposimama ulipoituma. Nyingine inakufuata unakokwenda, kwa robo saa, saa moja au saa 8, kutegemea ulivyochagua. Mangi akachagua inayofuata, saa 8. Usiku mama watoto akaifungua ajue pa kunielekeza kesho yake. Akaona duka liko Ubungo. Akasonga ugali, akaangalia tena, duka linapita Kibo. Tulipokaa kula, duka lilikuwa Kimara, limetulia kabisa, na kwa ninavyomfahamu Mangi, nalo lilikuwa linakula.

“Mbona mbali hivyo?” akauliza mama watoto. “Tutakuwa tunalipa nauli kubwa kuliko mkanda.”

Siku mbili baadaye ikaingia meseji kwa namba ngeni: TUMEHAMA, NAMBA YETU YA ZAMANI HAITUMIKI TENA, MALIPO YOTE TUMA KWENYE NAMBA HII. Ndugu msomaji, katika nchi ambayo kila mmoja wetu ameshapokea ile ya “ile hela tuma kwenye namba hii”, ni nani angeamini? Mama watoto aliituma moja kwa moja 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, akaendelea kupindisha suruali. Alikuwa ni Mangi mwenyewe. Laini ya zamani ilikuwa ya shemeji yake, naye kaichukua. Mtu anayebadilisha duka na namba wiki moja asishangae akichukuliwa kuwa tapeli. Kama ni lazima, tangazo la namba mpya litoke kwenye namba ya zamani, ikiwa bado hewani, na namba ya malipo isiguswe hadi wateja waje waione ukutani kwa macho yao.

Mwishowe nilirudi Sinza, nikampata kwa kufuata mwanamke aliyebeba cherehani kichwani. Nilijisemea, huyu hawezi kuwa anakwenda kwingine. Tukakata kwenye njia ya vumbi pembeni mwa transfoma. Transfoma, jamani! Jidude la chuma juu ya nguzo mbili, lina alama ya fuvu, halifunikwi turubai, halipati abiria, na Mangi hakuwahi kulitaja, eti “lile si tumelizoea”.

Nilipofika nikainua macho. Juu ya mlango, nyuma ya rundo la mikanda ya suruali aliyoitundika, kulikuwa na kibao kidogo cha namba ya nyumba. Mtakumbuka mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilipita ile operesheni ya anwani za makazi: mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikapata namba. Hata kuna programu ya simu, NaPA, ya kutafutia anwani hizo. Nikamuuliza Mangi namba ya fremu yake. Akatoka nje, akasogeza mikanda, akaisoma kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Alikuwa na anwani kamili utosini muda wote ule aliokuwa akinitafutia chipsi.

Sitaki kuisifia sana namba hiyo. Ukimtajia bodaboda namba ya nyumba, atakuuliza, “Ni karibu na nini?” Namba inakusaidia ukishaingia mtaani na unasoma milango. Kabla ya hapo unahitaji transfoma.

Nikaomba karatasi na maka peni, mkanda wa cherehani ukiwa tayari mfukoni, nikamwandikia hivi:

“Duka la vifaa vya cherehani lililokuwa hapa limehama. Upe mgongo mlango huu, barabara iwe mbele yako. Nenda kushoto, usivuke barabara, pita fremu tisa hadi kwenye transfoma. Ingia njia ya vumbi iliyo kushoto kwako. Sisi ni fremu ya pili kulia, geti la bluu, nyumba namba 14. Tunafungua saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumapili tumefunga.”

Mangi akaisoma, akakuna kichwa. “Mzee, mbona hujaweka ndugu wateja wapendwa?” Nikamwambia wataona wanapendwa wakifika. Akasema pia haina Mungu awabariki. Hilo tukaliweka, chini, kwa herufi ndogo.

Muhimu pale ni mlango wa zamani. Mteja aliyekupoteza yuko pale, amesimama, na ndipo mahali pekee mnapopajua nyote wawili. Kushoto na kulia havina ubishi mtu akishaupa mlango mgongo, atokee Ubungo au Bamaga. Fremu zinahesabika hata na asiyejua kusoma vibao, akisomewa na fundi viatu. Huyo fundi viatu naye apewe soda na aelekezwe vizuri, kwa sababu karatasi itachanika. Mpangaji mpya akija anapaka rangi, na kitu cha kwanza kubanduliwa ni tangazo lako. Fundi viatu hapakwi rangi.

Enyi wenye maduka mnaohama mwezi huu, nawaomba: kabla hamjabandika, mkabidhini karatasi mtoto wa jirani ambaye hajui mlikohamia, mmwambie awafuate. Asipofika, msibandike. Na lokesheni tumeni ile inayoganda, tena mkiwa dukani.