Saa ya Jogoo na Chupa ya Bibi Mkaguzi

Nyumbani kwetu ukitaja kitu unachokitaka, umeshakikosa. Mke wangu, ambaye mimi na watoto tunamwita Mama Sapraizi, huona ni uvivu kumpa mtu kitu alichokiomba mwenyewe. Nilililia gambuti mwaka mzima, maana mvua zikianza njia yetu hugeuka bwawa. Sikukuu yangu ya kuzaliwa ikafika, nikafungua boksi: saa ya ukutani yenye jogoo anayewika kila saa. Watoto wakashangilia. Mimi nikatoa tabasamu la picha ya pasipoti. Jogoo akawika hadi saa tisa za usiku, na asubuhi nikaenda kazini viatu mkononi.

Ndugu yangu katika mateso, usimlaumu mkeo. Mwaka 2016 Jeff Galak wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na wenzake wawili walieleza kwamba mtoaji huwaza ile dakika ya kufungua zawadi, mpokeaji huwaza muda wote atakaoishi nayo. Mwaka 2018 Adelle Yang na Oleg Urminsky wakaonyesha kwamba mtoaji hufuata sana sura ya mpokeaji, ule mdomo kubaki wazi. Jogoo analipa papo hapo. Gambuti zinalipa masika, na wakati huo hakuna anayekutazama miguu.

Basi alipokaribia kuja mama mkwe, Bibi Mkaguzi (hupitisha kidole juu ya kabati kabla hajaketi), nikaona tujaribu njia nyingine. Alikuwa ameshalalamika kwamba chupa yake ya chai haitunzi moto. Mama Sapraizi alitaka kumnunulia maua ya plastiki yenye taa. Nikamwambia: kitu achague Bibi, vituko vya kumkabidhi ni vyako. Tukanunua chupa ya lita tatu, mke wangu akaizika ndani ya mfuko wa mchele na kumwomba mama yake apime kilo mbili. Bibi akaingiza kopo, likagonga chuma, akapiga yowe hadi jirani akaja na fimbo! Mama Sapraizi alipata sura yake, Bibi akapata chai ya moto mpaka jioni. Tangu hapo hajagusa kabati letu.

Njia hii inataka mpokeaji awe amesema. Kwa babu yetu, anayejibu "chochote tu, mwanangu", bado tunabahatisha. Na ukitaja kitu kimoja tu, rangi na bei juu, mtoaji anajiona ametumwa sokoni. Mimi sasa nataja vitatu, nawaacha wachague kipi na lini. Vitaje mbele ya mtoto mdogo kuliko wote, wiki kadhaa kabla. Huyo hatunzi siri, na mama yake atadhani ameigundua mwenyewe.