Wakuambie Hongera, Wasikuambie Pole

Mwenzangu unayekaribia miaka 60, sogea karibu. Tangazo la kustaafu lina jibu moja kati ya mawili. Ukiliandika vibaya, walimu wenzako watakuja mezani kwako mmoja mmoja, sauti wameishusha, na kusema, “Pole, Mwalimu.” Ukiliandika vizuri watasema, “Hongera,” kisha wataulizia sherehe. Maisha yako ni yaleyale, na tarehe ya kuondoka ni ileile. Kinachotofautiana ni karatasi iliyo kwenye ubao wa matangazo, na karatasi hiyo unaiandika mwenyewe. Tumia nafasi hiyo.

Mimi nimefundisha Jiografia katika sekondari ya serikali mkoani Tanga, na tangazo langu nimelipitisha katika hatua hizi zote. Nakupa njia za mkato nilizozitumia.

1. Andika la huzuni kwanza, kisha lifungie kabatini

Usijaribu kuanza na shukrani. Kifua kimejaa, na kilichojaa kitamwagika tu hata ukijizuia. Kiache kimwagike kwenye karatasi isiyo na msomaji. Rasimu yangu ya kwanza ilisema hivi:

“Kwa masikitiko makubwa nawatangazia kwamba safari yangu ya utumishi imefika ukingoni. Nililazimika kukubali kwamba umri haumsubiri mtu. Niliwapenda wanafunzi wangu, nilivumilia mengi, na kupandishwa kwangu daraja kulichelewa bila maelezo. Nawashukuru wote kwa ushirikiano mlionipa. Kama kuna niliyemkosea, anisamehe. Nitawakumbuka daima.”

Kila sentensi pale ni ya kweli. Iweke kando kwa siku kadhaa, kisha chukua kalamu nyekundu. Umesahihisha insha za watoto wa watu maisha yako yote. Leo sahihisha yako kwa ukali uleule.

2. Piga mstari chini ya vitenzi

Hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Usihangaike kutafuta maneno ya majonzi, tafuta nyakati. Piga mstari chini ya kila kitenzi chenye -li-, na duara kwenye kila chenye -ta-. Katika rasimu yangu mistari ilitapakaa: nililazimika, niliwapenda, nilivumilia, kulichelewa, mlionipa, niliyemkosea. Duara lilikuwa moja tu, nitawakumbuka, na hata hilo linatazama nyuma.

Hapo ndipo “pole” inapozaliwa. Anayesoma mfululizo wa -li- anasikia wasifu wa mtu aliyekwisha kuondoka. Huna haja ya kufuta yaliyopita, maana shukrani zote zinakaa huko. Hakikisha tu kwamba kwa kila kitenzi cha -li- kuna cha -na- au cha -ta- kinachokijibu, na kwamba sentensi ya kwanza na ya mwisho hazina -li- hata moja.

3. Sababu iachie sheria

Watu wanapenda kueleza kwa nini wanaondoka. Usieleze. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60. Wasomaji wako wanalijua hilo, kwa hiyo sentensi moja yenye tarehe inatosha: “Tarehe 30 Juni nitatimiza miaka 60 na kustaafu kwa mujibu wa sheria.” Hakuna masikitiko wala ukingo. Umri ukiandikwa kwa tarakimu hausikitishi mtu, ila ukiandikwa kwa methali unaliza ofisi nzima ya walimu.

Hapohapo taja unachokiacha na unachobaki nacho. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 alibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990. Kuacha kiti kimoja hakukuwa kuacha vyote. Nawe una viti kadhaa. Taja unachokiacha kwa jina lake, “ualimu wa Jiografia, Kidato cha Tatu na cha Nne”, ili msomaji asidhani unaiaga dunia.

4. Jisifu kupitia mgongo wa mtu mwingine

Tusifichane hapa: unataka watu wajue ulifanya kazi. Ni haki yako. Ukiandika “nilivumilia mengi”, hakuna atakayeuliza ni yapi. Ukiandika “nimejenga Jiografia shuleni hapa”, mwenzako wa Historia atakohoa. Njia salama ni kumshukuru mtu kwa kitu kimoja alichokifanya ndani ya kazi yako. Sifa inamfikia yeye kwanza, kisha inakurudia bila wewe kuiita.

Mfano wangu ni huu. Shule yetu ina kituo kidogo cha hali ya hewa chenye kipimamvua, na maji yake husomwa kila siku saa 3 asubuhi. Ukiruka siku moja, mvua ya siku mbili inachanganyika chomboni na huwezi tena kuitenganisha. Madaftari mengi ya shule yana pengo kila likizo, na likizo ya Desemba inaangukia mwishoni mwa vuli, wakati ambao takwimu zinahitajika. Daftari letu halina pengo, kwa sababu mlinzi wetu wa mchana alijifunza kusoma kipimo na alikisoma likizo zote. Kwa hiyo niliandika: “Namshukuru mlinzi wetu, aliyesoma kipimamvua kila asubuhi ya likizo, kwa ajili yake daftari la shule halina pengo.” Jina lake lipo kwenye karatasi ya ubaoni. Kila msomaji anajua daftari hilo ni la nani, na mimi sikusema neno.

Watatu wanatosha. Chagua mmoja aliye chini yako kwa cheo, mmoja aliyekufundisha kazi, na mmoja utakayemwachia kazi. Kisha futa “nawashukuru wote kwa ushirikiano mlionipa”. Sentensi hiyo imesomwa katika kila hafla ya kuaga tangu tulipokuwa vijana, na aliyekupa ushirikiano wa kweli anaumia akiona amewekwa kapu moja na aliyekukwepa. Kuhusu watakaonuna kwamba hawakutajwa, wawekee akiba kwenye hotuba ya sherehe. Huko kuna muda, na kuna pilau.

5. Toa madai na toa msamaha

Mambo mawili hayana nafasi ubaoni hata kama ni ya haki. La kwanza ni madai. Daraja lililochelewa lina faili, na faili lina ofisi. Liandikie barua ya peke yake, yenye tarehe na nakala, uipeleke kwa mwajiri kabla hujaondoka, kwa sababu mshahara wako unaingia katika hesabu ya mafao. Dai lililobandikwa ubaoni halilipwi na mtu. Linawapa tu walimu vijana sababu ya kukuhurumia. Usitaje pia kiinua mgongo wala kikokotoo. Siku utakapovitaja, watu wenye mawazo ya biashara wataanza kukutembelea.

La pili ni ile “kama kuna niliyemkosea, anisamehe”. Najua ni adabu, nami nimelelewa katika adabu hiyo. Lakini watu wetu wameizoea katika kuagana kwa safari ya hija na kando ya kitanda cha mgonjwa, kwa hiyo wakiiona ubaoni wanasikia msiba. Kama unamjua uliyemkosea, mfuate leo alipo, umwambie kwa mdomo wako. Kwa dakika chache hizo utapata msamaha ambao karatasi haiwezi kukupa, na tangazo litabaki jepesi.

6. Toa ahadi ndogo yenye tarehe

“Nitapumzika” haitazami mbele, na “nitakuwa nanyi daima” inamtisha atakayerithi meza yako. Anataka kupanga azimio la kazi kwa namna yake bila wewe kuchungulia dirishani. Mpe ahadi yenye mwisho: nitakabidhi ramani, daftari na funguo wiki ya mwisho, na nitasoma naye kipimamvua hadi siku ya kuondoka.

Kwa upande wako, taja jambo moja ambalo tayari umelianza. Wastaafu wanaopanga kuku, bodaboda, duka na siasa katika aya moja wanasomeka kama watu waliopotea. Mimi nina miche ya machungwa Muheza, imebebeshwa, na iko ardhini tayari. Miche ya namna hiyo huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Mtu aliyepanda kitu cha miaka minne ijayo hapewi pole. Kama hujaanza chochote, usibuni. Taja tu ahadi yako kwa shule na uishie hapo; msomaji hatambui kilichokosekana, ila uongo ataujua mwezi wa pili.

7. Weka pamoja, kisha mpe mtu asome kwa sauti

Hili ndilo lililobaki baada ya kalamu nyekundu, majina yakiwa yameondolewa:

“Tarehe 30 Juni nitatimiza miaka 60 na kustaafu kwa mujibu wa sheria, nikiacha Jiografia ya Kidato cha Tatu na cha Nne mikononi mwa mwalimu mwenzangu, ambaye wanafunzi wanamjua na kumwamini. Namshukuru mwalimu aliyenifundisha kufundisha ramani za 1:50,000 nje ya darasa, juu ya kilima chenyewe. Namshukuru mlinzi wetu, aliyesoma kipimamvua kila asubuhi ya likizo. Kwa ajili yake daftari la shule halina pengo. Namshukuru mrithi wangu, ambaye tayari ananionyesha njia mpya za kazi hii. Wiki ya mwisho ya Juni nitakabidhi ramani, daftari na funguo. Kuanzia Julai nitakuwa Muheza, kwenye miche yangu ya machungwa, na Kidato cha Nne watakaotaka kuja kuchora ramani ya bonde lile nitawapokea.”

Usilisome mwenyewe, maana sauti yako itarudisha machozi uliyoyafuta. Mpe mwenzako wa ofisini, umtazame usoni akifika mwisho. Kama amekunja uso akatafuta neno, rudi hatua ya pili, kuna -li- imejificha. Kama ameuliza mahali palipo shamba, limekamilika.

Sasa fuata itifaki. Mkuu wa shule alione kwanza, mrithi wako wa pili, na aliyetajwa kwa shukrani wa tatu, kila mmoja mkononi mwake. Wengine wote walisome ubaoni. Libandike Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, ili Jumatatu watu waje wakiwa wamekwisha kupanga mchango wa sherehe.