Cheki ya Tatu

Nyumba yetu ya kupanga hapa Houston ina wanaume watatu, jokofu moja na kalenda tatu zisizosalimiana. Wa kwanza ni kijana wa Nakuru anayefanya kazi ghalani kupitia wakala, na wakala humlipa kila Ijumaa. Tulimbatiza jina hilohilo, Ijumaa, na sasa hata mama yake akipiga simu tunajikuta tukimwambia, "Ijumaa yuko bafuni, mama." Wa pili ni mzee wetu kutoka Tanga, msaidizi wa mwalimu kwenye shule ya msingi, anayelipwa mara moja tu kwa mwezi. Huyo ni Mwisho wa Mwezi. Mimi niko kiwandani, nalipwa Ijumaa moja na kurukwa inayofuata. Jina langu ni Wiki Mbili, jina baya kuliko yote, maana linasikika kama kifungo.

Ukitaka kujua leo ni tarehe ngapi nyumbani kwetu, fungua jokofu. Ijumaa usiku kuna mbavu za ng'ombe, soda za rangi zote na kachumbari ya kulisha ukoo. Jumatano inayofuata kijana huyohuyo anagonga mlango wangu kuuliza kama nina yai la ziada. Lakini simwonei huruma sana, kwa sababu njaa yake haijawahi kuzidi siku mbili. Mwisho wa Mwezi ndiye wa kuhurumiwa. Siku zake tano za kwanza ananunua mchele wa basmati kwa gunia na kunukia udi kama bwana harusi; ikifika tarehe 20 anakunywa chai ya rangi na kutuhubiria faida za kulala bila kula.

Nilipoajiriwa nilijiona nimepata njia ya kati na kati. Nalipwa dola 18.75 kwa saa, na saa 80 za wiki mbili zinazaa dola 1,500 kabla ya makato. Mtu yeyote aliyekulia kwenye mshahara wa mwezi atafanya hesabu ya haraka: mara mbili, basi dola 3,000 kwa mwezi. Lakini mwaka una wiki 52, kwa hiyo cheki ni 26, si 24. Zote pamoja ni dola 39,000, na ukizigawa kwa miezi 12 unapata 3,250. Maana yake ni kwamba katika mwezi wa kawaida naishi kwa dola 250 pungufu ya kile ninachochuma, na hakuna aliyeniibia. Dola hizo zinajikusanya kimyakimya, kisha zinarudi kwa kishindo miezi miwili ya mwaka, ile yenye cheki tatu.

Chanzo ni siku mbili tatu tu. Wiki mbili mara mbili ni siku 28, na miezi karibu yote ina 30 au 31. Siku ya malipo basi inateleza kurudi nyuma karibu kila mwezi, na mwenye nyumba hatelezi. Yeye anataka kodi tarehe 1, na ikipita tarehe 3 ni faini. Tazama mwaka huu wa 2026. Nililipwa Januari 2, 16 na 30, hiyo ya mwisho ikawa cheki ya tatu, nayo ikaingia siku mbili kabla ya kodi ya Februari. Raha tupu. Kodi ya Aprili ilitokana na cheki ya Machi 27, bado hewa ilikuwepo. Kodi ya Mei ikategemea cheki ya Aprili 24. Kufikia kodi ya Julai, cheki iliyokuwa karibu ilikuwa ya Juni 18, iliyowahishwa siku moja kwa sababu ya sikukuu, na iliyofuata ilikuwa Julai 3, siku ya mwisho kabla ya faini. Dola 600 za fungu langu la kodi zilitakiwa zikae benki siku 13 bila kuguswa, nyumba moja na Ijumaa anayechoma mbavu. Wanaolipwa wiki mbilimbili hawafilisiki mwezi wenye cheki tatu. Wanafilisika mwezi unaoutangulia, na hela ni ileile ya siku zote.

Halafu ikaja Julai 31, cheki ya tatu nyingine. Hiyo huwa nono kuliko wenzake, kwa sababu bima ya afya kazini kwetu hukatwa mara 24 kwa mwaka, yaani cheki mbili za kila mwezi, na ya tatu inapita bila kukatwa bima. Kodi ya serikali yenyewe haisamehe. Nilikuwa bado sijafungua hata ujumbe wa benki simu ilipolia kutoka Morogoro.

Dada yangu mkubwa ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Januari aliniuliza kwa upole ninalipwa lini, nikadhani ni mazungumzo. Kumbe alichukua kalenda ya ukutani na kuanza kujumlisha 14 hadi Desemba.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Leo si ndiyo ile ya tatu? Nyumba ya mama inataka mabati."

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba hiyo si bonasi wala zawadi. Ni zile dola 250 zilizokuwa zikipungua kila mwezi, na nimezipangia kodi ya Agosti.

"Kwa hiyo ilikuwa inajiwekea yenyewe?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Basi hiyo ni akiba, mdogo wangu. Na akiba ndiyo inayoezeka nyumba."

Mabati yalinunuliwa. Hapa nyumbani nasi tukakaa kikao. Siku hizi Mwisho wa Mwezi analipa kodi yote, dola 1,800, kwa kuwa hela yake inaingia mkesha wa tarehe 1 na hapati muda wa kununua udi. Ijumaa ananunua chakula, maana tumbo nalo hudai kila wiki, na miezi yake yenye Ijumaa tano tunaijua kwa harufu. Mimi nina umeme, maji na intaneti, ambavyo tuliomba vihamishiwe tarehe za katikati ya mwezi, na tofauti namrudishia mzee kila nilipwapo. Bajeti yangu inajua cheki mbili tu kwa mwezi. Ya tatu ikitokea namjulisha dada kabla hajanijulisha yeye.

Limebaki moja. Wiki iliyopita kiwandani walibandika tangazo: malipo yanayoangukia Ijumaa ya Januari 1, 2027 yatatolewa Desemba 31, kwa sababu ya sikukuu, hivyo mwaka huu una cheki 27. Sisi wa saa hatukujali, kila saa ina bei yake. Msimamizi wetu wa zamu ana mshahara wa mwaka, dola 52,000, na waajiri wengine mwaka wa namna hiyo hugawa kwa 27. Dola 2,000 zake zingekuwa 1,925.93 kila mara. Alisoma tangazo mara tatu na kwenda kukaa ndani ya gari lake.

Nilimpigia dada mwenyewe kumweleza kwamba ile ya Desemba 31 kwa haki ni hela ya mwakani, imewahi siku moja tu. Akasema yeye ameshaiandika kwenye mwaka huu. Nikauliza kwa wanaojua mambo ya kodi. Serikali ya Marekani nayo inaihesabu mwaka huu, kwa tarehe iliyolipwa.