Hatua Tano za Kulainisha Choo (Soma Huku Ukijifanya Unatazama Saa)

Wewe uliyekalia ukingo wa benchi, tangazo hili ni lako. Usigeuke kuangalia nani anakuona. Jirani yako naye analisoma.

Mjue kwanza mbaya wako. Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji. Haja ikikawia humo siku nne, hukamuliwa hadi ikatoka vigololi vikavu kama vya mbuzi. Basi:

1. UKIITWA, ITIKA. Konda wa daladala hubanwa asubuhi, gari limejaa, akajikaza. Baada ya muda haja hupotea, akadhani ameshinda. Kumbe mzigo umebaki ndani unazidi kukauka, na kesho atalipa nauli ya siku mbili.

2. WEKA MIADI. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana nao huamka, hasa baada ya chai ya asubuhi. Nenda wakati huo, dakika tano hadi kumi, simu ibaki nje. Kwenye choo cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu ili magoti yapite nyonga. Wa choo cha kuchuchumaa mmeshapangwa vizuri.

3. ONGEZA NYUZINYUZI, TARATIBU. Dona badala ya sembe, maharage, mchicha, papai. Anayehamia maharage kwa pupa siku moja atajaa gesi, na wenzake kwenye benchi watajua. Panda kidogo kidogo kwa wiki mbili.

4. MAJI YAFUATE. Nyuzinyuzi hulainisha kwa kushika maji. Zikiyakosa, zinaweza kugeuka kizibo. Kunywa mpaka mkojo uwe wa njano hafifu. Aliyeambiwa apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo, amsikilize daktari wake, si ukuta huu.

5. TAJA DAWA UNAZOMEZA. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito hufunga choo, na kodeini pia. Usiviache kimyakimya, mwambie muuguzi. Ukipewa laktulosi, inaweza kuchukua siku mbili kufanya kazi, kwa hiyo usimalize chupa jioni ileile. Na bomba la maji ya sabuni alilokushauri shangazi, mrudishie kwa heshima: sabuni huunguza utumbo.

USINGOJE ZAMU ukiona damu, ukiwa unakonda bila sababu, au tumbo limevimba, unatapika na hata ushuzi hautoki. Nenda dirishani sasa hivi.

Wengine, mkiitwa ndani na kuulizwa mnasumbuliwa na nini, msijibu "tumbo tu." Mtaandikiwa dawa ya minyoo. Semeni: choo kigumu, siku kadhaa, kinatoka hivi. Daktari ameshasikia makubwa kuliko hayo tangu asubuhi.