Webusaiti Kabla ya Idi

"Mwanangu, nataka webusaiti. Iwe nzuri, iwe ya kisasa, isiwe na mambo mengi, lakini iwe na kila kitu. Bajeti yangu laki tano. Naitaka kabla ya Idi. Haya, Mungu akubariki."

Hayo ndiyo maelezo yote ya kazi niliyopewa na mama mmoja mwenye duka la khanga na vitenge Kariakoo. Yalikuja kwa sauti, kupitia WhatsApp, yakiwa yamekatwa vipande vipande kwa sababu alikuwa akihudumia wateja huku anarekodi. Ukisikiliza kwa makini unamsikia kuli akipiga miluzi apishwe, na sauti ya mama mwenyewe ikisema, "Hiyo haishuki, dada, mimi mwenyewe sijanunua kwa hiyo." Kwa muda nilidhani sentensi hiyo ya mwisho nami inanihusu.

Jioni yake mpwa wa huyo mama, kijana aliyemaliza chuo na ndiye mshauri wa ukoo katika mambo yote yenye chaja, akaongezea maelezo. "Broo, ile kitu iwe kama Amazon hivi, ila simpo." Nikamshukuru. Kazi zangu nyingi za kujitegemea huanza hivyo: mtu mmoja anataka kila kitu, mwingine anataka kila kitu ila kidogo, na wote wawili wamekubaliana juu ya laki tano.

Nilichoka kusikiliza, nikaenda dukani. Ukitaka kujua tovuti ya duka ifanyeje, kaa pale kwenye benchi la wateja uone mali inavyotoka. Nilipewa soda, nikatazama. Ndani ya muda wa kumaliza chupa ile, doti za khanga zilezile ziliuzwa kwa bei tatu tofauti. Mama mmoja wa Mbagala aliyejua kubembeleza alipata punguzo. Kijana mwenye miwani ya jua hakupata. Mfanyabiashara kutoka Lubumbashi alipata bei ya chini kuliko wote, lakini alichukua mzigo wa kujaza mkokoteni na bado akaongezewa doti moja ya "mkeo".

"Mama, shikamoo tena," nikasema. "Kwenye tovuti, khanga hizi niandike shilingi ngapi?"

Alinitazama kama niliyemuuliza PIN yake ya M-Pesa.

"Bei usiweke."

"Lakini Mama, ni duka la mtandaoni..."

"Bei usiweke, mwanangu. Nikiweka elfu kumi na mbili, huyu hapa" — akaelekeza kidevu kwenye duka la jirani, taratibu, kwa heshima — "atabandika elfu kumi na moja kabla sijafunga mdomo. Na wa jumla akiona bei ya rejareja atanikimbia. Na wa rejareja akiona bei ya jumla atataka hiyohiyo kwa kipande kimoja. Bei inategemea mtu."

Hapo ndipo maelezo ya kazi yalipoanza kueleweka, nami nikayaandika upya kwenye daftari. Mtu akisema anataka duka la mtandaoni, mafundi wengi wa tovuti huwaza palepale kikapu cha manunuzi, jumla ya malipo, kuunganisha na malipo ya simu, risiti, na usimamizi wa akiba ya mali. Hiyo ndiyo sehemu inayokula fedha na wiki. Laki tano isingeitosha, na Idi ingepita ikatukuta tukisubiri kibali cha kuunganishwa na mtandao wa malipo. Lakini duka lisilo na bei halina haja ya kikapu. Huwezi kujumlisha kitu ambacho hakijakubaliwa. Huyu mama hakuhitaji mashine ya kuuzia, alihitaji kabati la vioo barabarani na mlango wa kumfikisha mteja kwenye mazungumzo, kisha mazungumzo angeyamaliza mwenyewe, na katika hilo hana mpinzani.

Kwa hiyo chini ya kila picha ya khanga nikapanga kiwekwe kitufe kimoja, "Uliza bei", kinachofungua WhatsApp ya duka kikiwa tayari kimeandika mteja anauliza khanga ipi. Kiungo chenyewe ni kifupi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Naulizia%20khanga%20014
```

Pale penye herufi za X inaingia namba ya simu. Mpwa alinitumia namba ikianza na 07, kama tunavyoiandika wote, na ikiandikwa hivyo kiungo hakifiki popote. Inatakiwa ianze na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Zile asilimia ishirini katikati ni nafasi kati ya maneno. Mpwa alipoziona aliniuliza kama ni punguzo la asilimia ishirini, na shangazi yake akasikia. Ilichukua muda kumtuliza.

Na namba 014 je? Hiyo nayo ilikuwa mkasa. Nilidhani mteja atatafuta khanga kwa rangi, nyekundu huku, bluu kule. Mama akacheka. Mteja wa khanga anatafuta jina. Anakuja anasema, "Nipe ile iliyoandikwa hivi," kwa sababu anataka kumpelekea wifi yake ujumbe, na rangi ni neema ya ziada. Basi kisanduku cha kutafutia kikawa cha maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, na kila khanga ikapata namba yake ili muuzaji asiulizwe "ile yenye korosho" na watu wanane wanaomaanisha khanga nane.

Swali lingine lilikuwa kipimo. Rejareja ni doti, vipande viwili vilivyoungana, hilo tunalijua. Jumla ni korija.

"Korija ni ishirini," mama akanifundisha.

"Ishirini vipande au ishirini doti?"

Duka likanyamaza. Muuzaji mmoja akasema vipande. Mwingine akasema doti. Mama akawatazama wote wawili kwa macho ya mtu anayekumbuka hesabu za miezi iliyopita. "Doti," akasema polepole. "Kwangu mimi ni doti." Nikaandika kwenye ukurasa wa jumla, kwa herufi nene, kwamba hapa korija moja ni doti 20, yaani vipande 40. Ukiliacha hilo neno peke yake, mteja wa Lubumbashi anaweza kulipia mara mbili ya alichodhani ananunua, na kosa la namna hiyo halirekebishwi kwa emoji ya mikono iliyofumbatwa.

Picha ndizo zilizonitia kichaa. Maelezo ya kazi yalisema, "Picha zipo." Kweli zilikuwapo. Zilikuwa khanga zilizokunjwa, zimepangwa rafuni hadi darini, zikipigwa mwanga wa taa ya mrija inayozigeuza zote ziwe na homa ya manjano. Na khanga ikikunjwa, jina halionekani. Tukakubaliana kila khanga itandazwe ukutani, kwenye kivuli cha mlangoni asubuhi, zionekane pindo zote nne, mji wa katikati na jina. Mpwa akapiga vizuri kabisa, halafu akanitumia kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Zikafika zimebanwa, majina yamekuwa ukungu, maneno makali ya mawifi yamegeuka madoa. Nikamwomba atume upya kwa kuchagua "Document", ambako faili hupita bila kubanwa.

Sasa zikaja nzima mno, kila moja kama megabaiti nne. Fanya hesabu: khanga 60 kwenye ukurasa mmoja ni megabaiti 240. Mteja aliyenunua kifurushi cha siku anafungua tovuti ili aone khanga, na kabla hajafika kwenye ya kumi kifurushi kimekwisha na anamlaani mwenye duka. Nilizipunguza hadi kilobaiti 150 kila moja, jina likisomeka bado, na ukurasa mzima ukashuka hadi megabaiti tisa. Tena nikaufanya upakue picha kadiri mtu anavyoshuka, si zote kwa mkupuo. Mpwa alilalamika kwamba sasa ukiikuza sana unaona vijisanduku. Nikamwambia mtu anayeikuza khanga kiasi hicho aje dukani aishike.

Tarehe ya mwisho nayo. "Kabla ya Idi" ni tarehe nzuri kwa mtu asiyesaini mkataba, kwa sababu Ramadhani inaweza kuwa siku 29 au 30, na anayejua ni mwezi. Niliandika katika makubaliano siku kamili ya kalenda. Mama akaisoma, akauliza mbona nimeiweka mapema hivyo, karibu mwanzo wa Shaabani. Nikamrudishia swali: vitenge vyake vinashonwa na nani?

"Fundi."

"Na fundi wako anaacha lini kupokea vitambaa vya Idi?"

Akafikiri. Fundi wa mtaa wa pili hufunga daftari lake Ramadhani ikifika katikati, akizidiwa hata kabla. Mteja wa mikoani anahitaji siku za kuchagua, kubishana bei, kutuma pesa, na mzigo kupanda basi, kisha ndipo fundi wake naye aanze. Tovuti inayozinduliwa siku chache kabla ya Idi inauza kwa watu waliokwisha kuvaa. Mama akainua kalamu, akaisogeza tarehe yangu nyuma kwa wiki nyingine. Nilikuwa nimejichimbia shimo kwa ufasaha mkubwa.

Kuhusu laki tano: laki moja na nusu ilikwenda kwenye anwani ya .co.tz na nafasi ya kuhifadhia tovuti kwa mwaka wa kwanza, nami nikamwandikia kwamba hiyo italipwa tena mwakani, maana wenye maduka wengi hudhani tovuti ni kama bango, ukishapigilia misumari basi. Iliyobaki ikawa yangu, nusu mbele na nusu siku ya kukabidhi. Mama alipendekeza badala yake nilipwe ikishaanza kuuza. Nikampendekezea kitenge cha suti kwa mpango huohuo. Tukaelewana.

Tovuti ikafunguliwa siku aliyoitaka. Haikuwa kama Amazon, lakini ilikuwa simpo. Ujumbe wa kwanza kupitia kitufe uliingia mchana, tukiwa tumekaa dukani: "Naulizia khanga 014." Mama akajibu bei. Dakika haikupita, simu ikalia tena. "Bei ya mwisho?"

Mama akaangua kicheko, akapiga goti lake. "Mwanangu, hii inafanya kazi!" Akamshusha mteja yule elfu moja, akampandisha hadi doti tatu, akafunga biashara bila kunyanyuka kitini.

Kisha akanigeukia, akafungua pochi yake ya ushanga, akashika noti mkononi bila kuzitoa.

"Sasa na wewe," akasema, "hiyo nusu iliyobaki, bei ya mwisho ngapi?"