Chapati ya 301

Ada ya muhula huu nimeilipa kwa awamu. Jioni namwachia baba watoto sufuria na maelekezo, nakimbilia chuo, najibana kwenye diskasheni ili uhasibu wa gharama usinirudishe tena mwakani. Sikuja kuangalia tamthilia. Lakini ukikaa kimbwetani na vijana wenye afya njema kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka mbu wawatimue, tamthilia utaiona tu, na king'amuzi hulipii.

Kwenye grupu letu mimi ndiye mkubwa. Wananiita Mama, hata yule mwenye ndevu ambaye nina hakika hatujapishana sana. Nimemsamehe, kwa sababu kuitwa Mama kuna faida yake: hakuna anayekuona. Watu wanatongozana mbele yako kana kwamba wewe ni nguzo ya umeme.

Na sina ugomvi na kutongozana. Mimi mwenyewe sikuokota mume njiani. Ugomvi wangu ni kelele. Kijana akimpenda mwenzake siku hizi, lazima kimbweta kizima kijue, na cha jirani nacho kipate taarifa. Wanasahau kwamba diskasheni si daladala, ukitoswa ushuke kituo kinachofuata. Ukitoswa hapa, Jumatatu mnakutana tena benchi lilelile la zege, pasipepa ni moja, na asaimenti yenu inasahihishwa kwa jina la wote. Kozi wek ni alama 40, mtihani wa mwisho 60. Aibu ya mtu mmoja inaweza kututafuna sote kwenye hizo 40, na mimi ambaye sikumtongoza mtu nitakuwemo.

Nianze na yule ninayemwita Bwana Mashairi. Huyu alimpenda binti mmoja wa grupu letu, mwenye mwandiko mzuri na kalamu nyekundu asiyomwazimisha mtu. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba kila mara binti akiandika kitu kwenye grupu la WhatsApp, Bwana Mashairi anaweka moyo. Binti akiuliza tunakutana saa ngapi, moyo. Akituma picha ya ubao, moyo. Jioni moja binti akatuma ujumbe kwamba mwalimu amefiwa, tesiti imeahirishwa. Moyo. Ulikaa pale usiku kucha, mwekundu, juu ya msiba wa watu.

Ana kwa ana alikuwa na ugonjwa mwingine, wa kufundisha. Binti akikwama kidogo, jamaa ananyakua daftari na kutoa mhadhara wa dakika ishirini, kwa sauti ya kuhutubia mkutano, huku akimwangalia kama amefahamu kwamba yeye ana akili. Binti alikuwa amekwama kwenye kutoa, tu. Alisahau kuazima moja. Nataka vijana wanielewe hapa: mtu anayekuzidi sauti kwenye somo lako mwenyewe hamvutii mtu, anachosha. Binti akaanza kuja na maswali yake ameshayamaliza nyumbani, ili asifundishwe.

Kisha akaja mwenyekiti wetu naye. Mwenyekiti ndiye anayechapa asaimenti na kuandika majina kwenye kava. Wenye kusoma chuo mnajua uzito wa cheo hicho. Jina lako likirukwa kwenye kava, umepata sifuri hata kama kazi nzima uliifanya wewe. Sasa mtu mwenye madaraka hayo anapomwandikia binti saa nne usiku, "Usijali, jina lako nitaliweka la kwanza," anategemea ajibiwe nini? Binti alijibu "Asante kaka," akaongeza kikatuni cha mikono iliyofumbatwa. Mwenyekiti akatuonesha ile mikono kwa furaha, anadhani amepokelewa. Mimi nikasema moyoni: mwanangu, umeitwa kaka, nenda kalale. Tena nasema bila kumung'unya, anayeshika majina ya watu, au alama zao, au noti pekee za mhadhara walioukosa, anyamaze mpaka kazi ikusanywe. Vinginevyo mwenzake hawezi kukataa kwa raha, na asiyeweza kukataa kwa raha hata kukubali kwake hukuelewi.

Sasa nije kwa yule wa tatu, kijana mpole wa shati la drafti, ambaye kwa muda mrefu nilidhani ni bubu.

Siku hiyo tulikuwa tunafanya hesabu ya kutafuta mahali ambapo biashara hailii wala haicheki. Mwalimu alitupa mama wa chapati. Kila chapati anauza shilingi 500. Unga, mafuta na mkaa vinakula 300 kwa kila moja. Kibanda anakilipia 60,000 kwa mwezi, auze asiuze. Swali: auze chapati ngapi ili kodi irudi? Bwana Mashairi kama kawaida akajaza mapafu. Lakini binti alikuwa ameshaanza, na yule mpole akamuuliza taratibu, "Hapo umegawa kwa 200 au kwa 500? Mimi hapo huwa napotea." Binti akamweleza: kila chapati inabakiza 200 ya kulipia kibanda, kwa hiyo 60,000 gawa kwa 200, chapati 300. Kijana akasikiliza mpaka mwisho. Hakukatiza, hakuongeza la kwake. Akaandika 300 kwenye daftari lake, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo faida inaanzia ya 301. Basi hiyo ya 301 nitakutunzia wewe."

Nikaacha kuandika.

Angalieni ile sentensi ilivyosukwa. Kwanza, hesabu yake ni sahihi; chapati ya 301 ndiyo ya kwanza kumwachia mama yule faida ya shilingi 200. Pili, imesemwa kwa sauti ya kawaida, wote tumesikia, hakuna kunong'ona kwa kutiliwa shaka. Tatu, haijamsifia umbo, haijamtaja macho, haijamlazimisha ajibu. Binti angetaka, angesema "Haya, tuendelee na swali la (b)," nasi tungeendelea, na hakuna ambaye angeweza kuthibitisha kwamba mtu katongozwa. Mlango wa kutokea uko wazi, na ameufungua yeye mwenyewe anayetongoza.

Binti hakwenda swali la (b). Akasema, "Isiwe imeungua tu."

Hiyo ndiyo dalili, jamani. Kicheko peke yake siyo, maana watoto wa watu wamelelewa na adabu, watakuchekea hata ukiwaudhi. Dalili ni mtu kuushika utani wako na kuusogeza mbele kidogo. Ukiurusha ukaanguka chini, uache hapohapo ulipoanguka. Usiurudie kwa kudhani hakusikia. Amesikia.

Bwana Mashairi angekuwa yeye, kesho yake angekuja na hotipoti la chapati na barua. Mpole hakuleta kitu. Alikaa mahali pake pa siku zote, si kwa kumbana binti upande, akafanya kazi yake. Mara mojamoja binti alimuuliza, "Tumefika ya ngapi?" naye anajibu "Ya 140, unga umepanda bei." Ni hayo tu, dakika moja katika saa mbili za kusoma. Sisi wengine tulipata kusoma, na namshukuru, maana mimi mambo ya mgawanyo wa gharama za kiwanda yananitoa jasho.

Kuuliza kwenyewe aliuliza baada ya tesiti. Siyo wiki ya tesiti, nisisitize, wakati mtu halali na hata mama yake mzazi akimpigia anamjibu kwa mkato. Tulikuwa tunafunga madaftari, mwenyekiti yuko mbali anatafuta chaja yake. Kijana akamwambia, "Ijumaa baada ya kipindi nitakuwa kantini nakunywa chai. Ukipata nafasi karibu. Ukiwa na haraka, tutaonana tu Jumatatu kwenye diskasheni." Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu, na kamba ile ilichukua muda mrefu kuliko kawaida.

Binti akasema, "Ijumaa nawahi gari la Kibaha. Jumamosi je?"

Hapo ndipo wengi hawajui kusoma. Mtu asiyetaka anakupa sababu: nawahi gari, nina kazi ya kanisani, mjomba anakuja, Mungu akipenda. Anaiacha hapo, na wewe unatakiwa uiache hapo pia. Mtu anayetaka anakupa sababu na siku nyingine. Ukipewa sababu bila siku, umejibiwa. Usiende kupanga upya ratiba ya mjomba wa watu ili nafasi ipatikane.

Lakini kipimo cha mwanaume hasa kingekuwa Jumatatu endapo angekataliwa, na hapo Bwana Mashairi aliniangusha kabisa. Alipogundua binti hana habari naye, alinuna. Alihamia ukingo wa kimbweta, akawa anajibu maswali kwa "sijui," na kwenye WhatsApp akaacha kuweka mioyo hata pale ilipostahili, nilipotuma kwamba mwanangu kafaulu. Jumapili akabandika kwenye status yake maneno ya watu wasio na shukrani. Sote tuliyasoma. Binti naye akawa haji mapema, anangoja tujae kwanza. Pale ndipo nilipoona madhara: tulipungukiwa muda wa mkokotozi mzuri wa riba kwa sababu ya mwingine asiyejua kukaa mahali pake. Ukikataliwa, njoo saa ileile, kaa palepale, azimisha kikokotoo kama ulivyokuwa unaazimisha, salimia "mambo" kama jana. Ukiona unashindwa, ujue wewe hukuwa na utani, ulikuwa unadai deni.

Wale wawili sasa wanakunywa chai yao Jumamosi, nasikia. Nasikia tu, kwa sababu wao hawasemi, na kwenye diskasheni binti bado anamkosoa kijana kwa kalamu nyekundu bila huruma, tena vizuri, maana alikosea kodi ya ongezeko la thamani mbele ya watu. Mimi chapati ya 301 sijaiona, wala hakuna aliyenikaribisha chai, pamoja na kukifunga kiatu kwa uaminifu ule. Nongwa hiyo ninayo.

Mwenyekiti amejiuzulu uchapaji, kava nimekabidhiwa mimi. Kwa hiyo natumia nafasi hii kumwambia Bwana Mashairi: mwanangu, asaimenti inakusanywa Jumatano saa sita mchana, na sehemu yako ya swali la tatu haijanifikia. Tuma leo. Moyo usiweke.